Kivinjari kimemuuliza nani?

Ndugu zangu, karibuni. Wanaonifahamu wanajua ninakoelekea, na wawili pale mbele wameshaanza kucheka. Chekeni tu. DNS ni nini sitaeleza, maana hakuna aliyemo humu ambaye hajawahi kulaumiwa kwa ajili yake.

Kisa ni kile kile. Mfanyakazi amesoma mahali kwamba ni vizuri kuwasha DNS iliyosimbwa kwenye kivinjari, akaiwasha. Hajakosea. Dakika chache baadaye ukurasa wa mishahara haufunguki. Chrome inamwandikia `DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN`, yaani jina hilo halipo duniani. Tovuti zote za nje zinafunguka kama kawaida. Anapiga simu kwa mafundi, na hapo ndipo ninapoanza kukasirika.

Fundi anafanya nini? Anafungua dirisha la amri, anaandika `ping mishahara.example.com`, anapata majibu kutoka 10.20.0.15, kisha anatangaza: "Mtandao uko sawa, jina linapatikana, tatizo ni kompyuta yako." Halafu anasafisha kache, anawasha upya kompyuta, na nimewaona wengine wakifika hadi kuiondoa Windows na kuiweka upya. Jamani! Ile `ping` haikumuuliza yule aliyeulizwa na kivinjari. Umepima njia ambayo mgonjwa hakuipita.

Hili nitalikalia, kwa sababu kila kitu kingine kinatoka hapa. Zamani kivinjari hakikuwa na shauri lake kuhusu majina. Kililipeleka jina kwa mfumo wa kompyuta, nao mfumo ukaiuliza seva ya DNS iliyotajwa na DHCP, na ofisini seva hiyo ni ya ofisi. Programu zote zilipita mlango mmoja, kwa hiyo `ping` ikipata jina, kivinjari nacho kilikuwa kimelipata. Mwaka 2018 kikatoka kiwango cha RFC 8484, kinachoeleza jinsi ya kutuma swali la DNS ndani ya HTTPS, yaani DoH. Tangu hapo kivinjari kinaweza kuupita mfumo wa kompyuta bila hata kuuaga, kikapeleka swali moja kwa moja kwa mtoa huduma aliye nje, kupitia bandari 443 kama ukurasa wowote wa wavuti. Seva ya ofisi haioni kitu. Ukifungua kumbukumbu zake ukute swali halimo, usiseme "basi hakuuliza." Aliuliza, ila si wewe.

Na huyo wa nje atalijuaje jina lako la ndani? Ulilificha kwa makusudi. Rekodi ya `mishahara.example.com` uliiweka kwenye seva ya ndani peke yake, na dunia nzima ukaionyesha orodha nyingine yenye tovuti na barua pepe tu. Domeni moja, nyuso mbili. Mtoa huduma wa nje ameuona uso wa nje, akajibu kwa uaminifu kabisa kwamba jina halipo.

Najua kuna anayetaka kusema, "Si ndiyo hasara ya usimbaji?" Hapana! Usimbaji hauna kosa hapa. Ungemuuliza mtoa huduma huyo huyo kwa njia ya kale isiyosimbwa, jibu lingekuwa lile lile. Jaribuni wenyewe mkiwa ofisini:

```
nslookup mishahara.example.com
nslookup mishahara.example.com 1.1.1.1
```

Amri ya kwanza inauliza seva ya ofisi, nayo inatoa 10.20.0.15. Ya pili inauliza seva ya nje, bila usimbaji wowote, na jibu ni `NXDOMAIN`. Kilichobadilika ni anayeulizwa, basi. Kama ukuta wa moto wa ofisi unazuia DNS ya kawaida kwenda nje, amri ya pili itakwama bila jibu. Hapo tumieni njia ile ile ya kivinjari:

```
curl -H 'accept: application/dns-json' \
 'https://cloudflare-dns.com/dns-query?name=mishahara.example.com&type=A'
```

Mkiona `"Status":3`, ndiyo `NXDOMAIN` hiyo. Kwa Firefox kuna njia fupi zaidi: andikeni `about:networking#dns`, mtaona jina kwa jina kama lilitafutwa kwa TRR, ambayo ndiyo DoH katika lugha ya Firefox, au kwa mfumo wa kompyuta. Ningependa kila fundi aanze hapo kabla ya kugusa `ping`. Nimelisema hili hadi sauti imekauka.

Sasa kuna wajanja. Mjanja anasema, "Mbona mimi nimeiwasha kwenye Firefox na ukurasa wa mishahara unafunguka?" Swali zuri. Umechagua `Increased Protection`. Kwenye `about:config` utakuta `network.trr.mode` ni 2. Maana yake Firefox inamuuliza wa nje kwanza, na ikiambiwa jina halipo au ikikosa jibu inarudi kwa mfumo wa kompyuta, ambao unaiuliza seva ya ofisi. Ukichagua `Max Protection` thamani inakuwa 3, na kurudi huko kunakoma. Chrome nayo, ukiwasha `Use secure DNS` na kumchagua mtoa huduma kwa jina, hairudi kwa mtu. Ndiyo maana katika chumba kimoja watu wawili "wamewasha kitu kile kile" na mmoja tu ndiye analalamika. Msimwite mwongo.

Lakini huyu mjanja wa thamani 2 asitembee kifua mbele. Kuna kesi inayompata yeye pia, na ndiyo mbaya kuliko zote.

Tuseme msimamizi wa uso wa nje wa domeni, kwa uvivu au kwa nia njema, aliweka rekodi ya nyota: `*.example.com` inaelekea 203.0.113.80, palipo na tovuti ya matangazo ya kampuni. Ndani, `mishahara.example.com` bado ni 10.20.0.15. Mfanyakazi anafungua ukurasa wa mishahara. Firefox inamuuliza wa nje. Je, wa nje atasema jina halipo? Hasemi! Nyota inakubali jina lolote, kwa hiyo anajibu 203.0.113.80. Firefox imepata jibu, na jibu halina kasoro yoyote ya kiufundi, kwa hiyo haina sababu ya kurudi kwa seva ya ofisi. Mfanyakazi anatua kwenye tovuti ya matangazo, au anapata onyo la cheti, au 404 kutoka kwa seva ambayo haijawahi kusikia habari za mishahara. Fundi anaona 404, anakimbilia kwa mwenye programu ya mishahara, na mwenye programu anaapa kwamba seva yake iko hai. Wote wawili wanasema kweli! Siku nzima imepotea.

Dalili ya kuitofautisha kesi hii ni anwani. Kwenye kivinjari bonyezeni F12, nendeni `Network`, bonyezeni ombi la kwanza, mtazame anwani ya seva. Ikianza na 10 mko ndani. Ikiwa ni ya umma, mmetoka nje bila kujua. Mimi ningeiondoa nyota hiyo leo leo. Jina lisilopatikana lina heshima yake, kwa sababu linakiri.

"Basi tuzichapishe anwani za ndani kwenye uso wa nje, tumalize ubishi." Nalisikia kila mara. Kwanza, mmewagawia wapita njia ramani ya seva zenu. Pili, haifanyi kazi kama mnavyodhani: Firefox, `network.trr.allow-rfc1918` ikiwa `false` kama inavyokuja, inalikataa jibu la DoH lenye anwani ya faragha kama 10.20.0.15. Kwenye thamani 2 itarudi kwa seva ya ofisi, sawa. Kwenye thamani 3 bado mmekwama, na siri mmeshaitoa.

"Tuzuie DoH kwenye ukuta wa moto." Inapita bandari 443, pamoja na wavuti nzima. Mtazuia anwani za watoa huduma mnaowafahamu, na kesho atatokea mwingine. Kuna lile jina `use-application-dns.net`: seva ya ofisi ikijibu `NXDOMAIN` kwa jina hilo, Firefox inaacha kujiwashia DoH yenyewe. Yenyewe, sikilizeni vizuri. Mtu akiiwasha kwa mkono wake, ishara hiyo haina nguvu, na kesi yetu tangu mwanzo ni ya mtu aliyeiwasha kwa mkono wake.

Naonyeshwa saa. Haya, dawa kwa haraka.

Kwa kompyuta mnazozisimamia, tumieni sera. Kwenye Firefox, faili `policies.json`:

```
{"policies": {"DNSOverHTTPS": {
  "Enabled": true,
  "ExcludedDomains": ["example.com"]
}}}
```

Domeni ya ofisi na matawi yake yote yanaenda kwa seva ya ofisi, mengine yanabaki yamesimbwa. Asiyesimamiwa anaweza kufanya hivyo mwenyewe kwa kitufe cha `Manage Exceptions`. Chrome ina sera ya `DnsOverHttpsMode`, na thamani ya `automatic` inaruhusu kurudi kwa seva ya ofisi. Nyota ikiwepo, `automatic` haitawaokoa endapo kivinjari kimepata pa kuuliza nje. Kwa hiyo nyota kwanza.

Ninayoipenda zaidi ni kuendesha seva ya DoH yenu wenyewe. BIND inaweza tangu 9.18, na Unbound pia. Vivinjari vinaelekezwa kwayo, swali linasimbwa na bado linafika kwa anayezijua seva zenu. Inahitaji cheti ambacho vivinjari vinakiamini, hapo ndipo wengi hukata tamaa. Ningependa kulieleza hilo kwa kirefu lakini sitamaliza.

Na mnaojenga mtandao mpya: mwaka 2024 ICANN ilitenga `.internal` kwa matumizi ya ndani tu. Jina chini yake halitapata jibu la nje lenye kupotosha. Vyeti vyake itabidi mvitoe wenyewe.

Kuna mkono nyuma. Simu? Ndiyo, na simu pia. Android tangu toleo la 9 ina `Private DNS`, ni ya simu nzima, inatumia TLS kwenye bandari 853. Mtu akiandika jina la mtoa huduma pale, simu hairudi kwa mtu mwingine, na programu zote zinakosa majina ya ndani, si kivinjari peke yake. Na kwenye simu hiyo hata `ping` itakosa, kwa hiyo angalau fundi ataamini.