Unga Upi, Mwalimu? Kumsimulia Asiyeona Video ya Korosho

Walimu wenzangu wa Mtwara, habari za asubuhi. Video ya leo inahusu ubwiriunga wa mikorosho. Fumbeni macho, naipiga kuanzia dakika ya pili.

Mmesikia bwana shamba: “Ukiona maua yako hivi, wahi salfa.” Halafu muziki sekunde tatu. Yako vipi? Mwanafunzi asiyeona ameachwa stendi.

Nilipoanza kuiwekea maelezo ya sauti, niliisikiliza nzima bila kutazama, nikiandika kila penye “hivi” na “kama hapa”, na kila ukimya wa zaidi ya sekunde mbili. Shati la mkulima nililiacha. Kuna mbuzi anapita nyuma. Nilimpenda, lakini hana nafasi.

Mimi nikisoma kwa utulivu natoa maneno mawili kwa sekunde. Kwa hiyo pengo lile ni maneno sita, na niliandika hivi: “Maua yamefunikwa unga mweupe hadi kikonyoni.” Jina la ugonjwa sikulitaja, maana bwana shamba mwenyewe analitaja muda mfupi baadaye, na si kazi yangu kumpokonya somo.

Nikampa kijana mmoja asiyeona, wa kidato cha pili. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: “Mwalimu, kama maua yameshapigwa salfa, mbona bado yanaumwa?” Nikarudi kwenye maandishi yangu. Mbele kidogo nilikuwa nimesema unga wa njano unatoka kwenye bomba. Anayeona anatofautisha kwa rangi. Yeye alishika neno “unga”, akaona ni kitu kimoja. Nikabadilisha: “Maua yameota ukungu mweupe hadi kikonyoni.” Salfa ikawa “vumbi la njano”, hapo na kila inapotokea. Maneno bado sita.

Dakika ya nne ndiyo iliyonitoa jasho. Inatokea ratiba ya kupuliza, maandishi matupu, muziki sekunde nne. Kuisoma kunahitaji 15. Ukikimbiza ulimi haisikiki, ukiiruka umemnyima somo lenyewe. Hapo nikagandisha picha na kusimamisha sauti ya video kwa sekunde 11. Nilikosea kuigandisha mwishoni, baada ya kupanga maelezo yote: kuanzia pale kila sentensi yangu ikawahi kwa sekunde 11, bomba likatajwa wakati mkulima bado anafunga barakoa. Gandisha kwanza, ndipo upange nyakati. Na ile video ya awali itunzeni kando, kwa sababu wanaoona wanachoshwa na kusimama huko.

Muziki nao usimeze sauti yako. Kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, weka maelezo kwenye mstari ulio chini ya sauti ya video, chagua ule wa juu, kisha `Auto Duck`. Kipimo chake cha kawaida, desibeli 12 chini, kilinitosha.

Sasa fumbeni tena macho, naipiga yenye maelezo. Mwenye kusikia neno “unga” popote, anyooshe mkono.