Mota ya kugeuza mayai: brashi, stepa au sevo?

Karibuni tena. Hii mnayoiona mezani ni fremu ya kiangulio. Inabeba trei 2 za mayai 30, moja kila upande wa mhimili, na mota inatakiwa kuilaza kutoka nyuzi 45 upande huu hadi nyuzi 45 upande ule. Kabla hujaenda dukani, chukua kalamu.

Kwanza mzigo. Trei zote zikijaa, pande zinabebana na mota haifanyi kazi kubwa. Taabu ni siku mtu anapojaza trei moja tu, basi tunapiga hesabu ya siku hiyo. Mayai 30 ya gramu 60 ni kilo 1.8. Katikati ya trei iko sentimita 15 kutoka kwenye mhimili.

```
1.8 kg x 9.81 x 0.15 m = 2.65 Nm
```

Huna imani na hesabu? Jaza trei moja, funga mizani ya kuning'iniza kwenye ukingo wa upande mtupu, sentimita 30 kutoka mhimilini, uvute chini mpaka fremu ilale sawa. Itasoma karibu kilo 0.9. Ikisoma zaidi, mhimili wako unakwama. Rekebisha hapo kwanza. Mimi huzidisha mara mbili kwa usalama: 5.3 Nm, yaani kama 54 kg·cm.

Kasi ni rahisi. Mayai hayapendi kurushwa, kwa hiyo nyuzi 90 kwa sekunde 15 zinatosha. Hiyo ni mzunguko 1 kwa dakika.

Sasa tulinganishe. Sevo ya MG996R hutangazwa kama 11 kg·cm, na hapo ndipo inapokwama kabisa, si nguvu ya kufanyia kazi kutwa. Niliwahi kulazimisha sevo ndogo. Usiku kucha ilivuma, asubuhi meno ya gia yamekatika. Ukisikia mvumo fremu ikiwa imesimama, jua imezidiwa.

Stepa ya NEMA 17 ya kawaida ina kama 0.4 Nm, kwa hiyo itahitaji gia, dereva na kidhibiti, na gharama inapanda. Tena inakula umeme hata ikiwa imesimama, na joto hilo linaingia kwenye boksi unalotaka libaki nyuzi 37.5. Ikizidiwa inaruka hatua bila kukuambia. Ningeichukua kama ningehitaji kusimama mahali sahihi kabisa, kama kwenye printa ya 3D. Hapa tunahitaji ncha mbili tu.

Kwa hiyo nachukua mota ya brashi ya volti 12 yenye gia ya skrubu. Kwenye lebo tafuta 1 hadi 2 rpm, na nguvu ya kazi isiyopungua 54 kg·cm. Usidanganywe na ile ya kukwama. Ongeza rilei za kubadili mwelekeo na swichi 2 za kukata umeme mwisho wa kila upande. Gia hii kwa kawaida hairudi nyuma yenyewe, hivyo umeme ukikatika trei inabaki ilipo.

Ikiwa imefungwa, jaza trei moja tu, igeuze mara kumi, kisha gusa mota. Ikikuunguza kidole, rudi kwenye mizani.