Wauzaji watatu wa unga, jedwali moja: oda apewe nani?

Habari zenu wapendwa, karibuni tena Magomeni. Leo sikandi, leo nanunua unga. Nina wauzaji watatu: wa Kariakoo, wa Buguruni na wa Tegeta, na kila mmoja kwa simu anaapa yeye ndiye bora. Tunawapimia kwenye Excel.

Safu A andika vigezo, B uzito, C hadi E wauzaji. Hapo sina la kueleza. Vigezo vyangu: bei 40%, ubora 30%, kuwahi 20%, mkopo 10%.

Alama ni 1 hadi 5. Mfuko wa kilo 25 Kariakoo wameniambia 38,000, Buguruni 40,000, Tegeta 41,000. Wa bei ya chini anapata 5, kisha kila 1,000 inayozidi naondoa alama moja. Ubora: 3, 4, 5. Kuwahi: 2, 4, 3, maana mvua ikishika Jangwani, mzigo wa Kariakoo naungoja mpaka nachoka. Mkopo: Kariakoo taslimu tu, 1, Buguruni siku 14, 3, Tegeta siku 30, 5.

Jumla, chini ya safu C, kisha vuta kwenda kulia:

```
=SUMPRODUCT($B$2:$B$5,C2:C5)
```

Eeh! Kariakoo 1.8? Ngoja. Ngojeni, msikate video. Aa, nimeona: kwenye bei nimemwandikia 1, kwa sababu kichwani nilisema "huyu wa kwanza kwa unafuu". Hapa alama kubwa ndiyo nzuri. Weka 5. Sawa: Kariakoo 3.4, Buguruni 3.5, Tegeta 3.4.

Wengi wangefunga kompyuta hapa na kumpigia Buguruni. Lakini ameshinda kwa 0.1, na ile 40% niliitoa kichwani nikinywa chai. Ningeandika 45 je?

Sasa hapa nisikilizeni. Mwaka jana nilibadilisha 40 kuwa 45, nikaacha vingine vilevile. Kariakoo 3.65, Buguruni 3.65, sare! Nikachagua kwa kuangalia nani ana kirikuu kizuri. Kumbe uzito wangu ulijumlisha 105. Ukigawa 45 kwa 105 unapata karibu 43%, kwa hiyo 45 sikuwa nimeijaribu kabisa. Ukipandisha kimoja, vingine vishuke. Narudia, vishuke, na vishuke kwa uwiano wake wa 3, 2, 1. Usifanye kwa mkono. B3, B4 na B5 ziandikwe hivi:

```
=(1-$B$2)*3/6
=(1-$B$2)*2/6
=(1-$B$2)*1/6
```

Na B6 weka `=SUM(B2:B5)`. Isiposoma 100%, simama hapohapo. Mnaniona naisonta kwa kidole? 100%.

Sasa kazi ni kuchezea B2 tu. Weka 45%: Kariakoo 3.53, Buguruni 3.46. Ameshaanguka. Weka 30%: Tegeta 3.63, Buguruni 3.58. Kaanguka tena, upande wa pili. Nimepanda na kushuka asilimia moja moja, na Buguruni anaongoza kuanzia 34 hadi 42 tu. Dirisha jembamba hilo. Ushindi wake umetokana na namba niliyokisia.

Uzito peke yake hautoshi, alama nazo zijaribiwe. Daftari la mapokezi hili hapa, samahani lina mafuta. Oda kumi za mwisho za Buguruni, nataka mzigo kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Hii saa nne. Hii saa tatu. Na hii... saa tano, jamani. Oda tatu kati ya kumi zimechelewa, halafu nimempa 4 kwa sababu dereva wake ana salamu nzuri. Iwe 3. Turudi kwenye 40%: Buguruni 3.3, wa mwisho! Kariakoo na Tegeta 3.4 kwa 3.4.

Kwa hiyo swali limebaki moja: bei ni juu ya 40 au chini? Mfuko mmoja hunipa mikate kama 70 ya nusu kilo. Unga ukigoma kuumuka, ile 3,000 niliyookoa Kariakoo hailipi hata mkaa. Kwangu bei ni 35%. Tegeta 3.52, Kariakoo 3.27. Wewe unayeuza chapati, unga ukiwa wa kawaida hakuna anayejua, unaweza kuanzia 50 na Kariakoo akawa wako kihalali.

Nampigia Tegeta mifuko kumi kwanza, siyo arobaini. Na makopo ya mkate yaliyokuwa nyuma yangu muda wote huu, ndiyo, yanauzwa.