Modi ya kwanza inaongea habari ya beisi, si ya chuma
(Mhadhara kwa mainjinia wachanga, Kisumu)

Haya, mambo ya Euler ya bakling, nguzo kujikunja ikielemewa, mnayajua, sitayarudia. Nataka nguzo moja tu: tyubu ya mraba 50 kwa 50, unene milimita 3, urefu mita 4, chini imefungwa kwa bolti nne, juu iko wazi na imebeba tenki ya lita 300. Tenki ikijaa ni kama 2.94 kN, uzito wa tenki yenyewe tuuache kwanza.

Kwenye CalculiX unaweka lodi ya 1000 N juu na kuomba modi nne:

```
*STEP
*BUCKLE
4
*CLOAD
JUU,3,-1000.
*END STEP
```

Unafungua faili ya .dat unapata fakta 6.43, halafu ya pili 6.43 tena, ya tatu karibu 58. Hapo kuna mtu huwa anadhani softiwea imerudia jibu, lakini hapana, tyubu ya mraba haina upande dhaifu kwa hivyo inaweza kuangukia upande wowote, na huo mwelekeo unaouona kwa skrini hauna maana yoyote, usiniambie eti "itaangukia upande wa ziwa". Fakta unazidisha na lodi uliyoweka, basi: 6.43 kN. Ukigawa kwa 2.94 unapata 2.2, ndiyo fakta yako ya usalama.

Sasa hili nimelisema mpaka sauti imekauka. Mtu analeta ripoti, ameandika "maksimamu displesimenti ni 1.0 mm, iko sawa". Iko sawa wapi? Hiyo moja si milimita! Programu imechukua umbo la modi na kulipima upya ili sehemu inayosonga zaidi iwe 1, ingeweza kuandika 1000 na nguzo ikabaki ileile. Modi inakuambia nguzo itajikunja kwa umbo gani na kwa lodi gani, haisemi itasonga kiasi gani. Na stresi za hiyo modi pia usizisome, ni takataka za aina ileile. Kuna ripoti niliyoletewa ilikuwa na picha ya rangi nzuri kabisa, nyekundu juu, bluu chini, na mteja ameshaambiwa nguzo itapinda milimita moja tu. Mteja akafurahi, mimi nikaomba chai.

Utaniuliza, kama bakling imenipa 2.2, frikwensi ya nini? Ni kwa sababu bakling huwezi kuijaribu saiti bila kuangusha kitu, lakini frikwensi unaipima. Ondoa tenki, run `*FREQUENCY` kwa nguzo tupu, beisi ikiwa imefikisiwa kabisa unapata kama 3.4 Hz. (Ukipata 0.0000034 umeandika densiti 7850 ndani ya modeli ya milimita, inatakiwa 7.85e-9. Bakling haitakuonyesha hilo kosa maana haitumii masi hata kidogo.)

Halafu nenda pale nguzo imesimama bila tenki, funga simu juu kwa tepu, vuta nguzo kidogo uiachilie, hesabu. Kama beisi ni ngumu kama ulivyodanganya kompyuta, itayumba mara 34 kwa sekunde 10. Ukihesabu 22 je? Chuma ni kilekile, urefu ni uleule, kwa hivyo kilicholegea ni chini: pleti nyembamba, bolti, au msingi mdogo kwenye ule udongo mweusi wa Kano unaovimba mvua ikinyesha. Rudi kwa modeli, toa fikisi uweke springi ya kuzunguka, uipunguze mpaka frikwensi ifike 2.2 Hz. Itakuja karibu 31 kNm kwa radiani. Sasa run bakling tena na springi hiyohiyo: 3.7 kN. Ile 2.2 yako ya usalama imekuwa 1.26, na hakuna mtu amegusa chuma. Fundi wa Kibuye aliyesema "hii inacheza chini" alikuwa sahihi kabla yako.

Na yule aliyeweka pini juu na chini kwa sababu kitabu kinaanza na hiyo, yeye alipata 25.7 kN. Wacha nisiseme.

Ukitaka frikwensi ikiwa na tenki, weka masi juu NA uzito wake kama lodi kwenye stepu ya `*STATIC`, kisha `*STEP,PERTURBATION`. Masi peke yake inakupa 0.40 Hz, ukiongeza uzito unaodhoofisha nguzo inashuka hadi karibu 0.30, hiyo ni kwa beisi ngumu. Maji yanayocheza ndani ya tenki ni hadithi nyingine.

Naonyeshwa saa, kwa hivyo haraka: milimita za ukweli unazipata ukichukua umbo la modi ya kwanza, uliweke kama kasoro ya mwanzo, tuseme 20 mm juu, urun isiyo linea. Kwa 2.94 kN na beisi ngumu itafika karibu 37. Upepo wa ziwa sijaugusa. Nani ana swali?