Bosi Wako, Karafuu Zako na Zile Dola 10

Ndugu zangu, wengi wenu humu ni wauguzi kwenye hospitali za maveterani, kwa hiyo mwajiri wenu ni serikali kuu ya Marekani. Nitazungumzia kanuni yake ya zawadi. Wa kampuni binafsi, ulizeni ofisi zenu za utumishi, maana kila nyumba ina utaratibu wake.

Kanuni inaanza kwa ukali: mkubwa wako wa kazi humpi zawadi. Halafu inafungua vidirisha vichache.

Tuseme umerudi likizo Zanzibar. Kwetu mtu hatoki safari mikono mitupu. Umemletea msimamizi pakiti ya karafuu ya dola 8. Mpe tu. Zawadi ya mara mojamoja, kama ya kutoka likizo, ya Krismasi au ya siku ya kuzaliwa, inaruhusiwa ikiwa bei yake sokoni haizidi dola 10, na isiwe fedha taslimu. Kanuni yenyewe inatoa mfano wa mtu aliyerudi ufukweni na peremende za dola 8. Ukiongeza kikoi cha dola 25, umevuka, maana vyote vya tukio moja vinahesabiwa pamoja.

Kuna dada aliniuliza: "Tukiwa kumi, kila mmoja akitoa dola 10, si tunaweza kumnunulia saa ya dola 100 Krismasi?" Hapana. Kuchangishana zawadi ya bosi kwa Krismasi hakuruhusiwi, hata ikiwa dola moja moja.

Harusi, kupata mtoto, kuugua na kustaafu ni habari nyingine. Hayo hayaji kila mwaka, kwa hiyo kikomo cha dola 10 hakipo, ila zawadi ilingane na tukio. Hapo mchango wa ofisi unaruhusiwa, mradi uwe mdogo na wa hiari kwelikweli, na anayekusanya aseme wazi kwamba mtu anaweza kutoa pungufu au asitoe kabisa.

Hapo mimi nilikosea. Msimamizi wetu alipostaafu nilizunguka wodini na karatasi ya majina na kiasi. Binti mmoja, bado yuko kwenye majaribio ya kazi, alisoma mstari wa juu yake, "dola 20", akaandika 20. Mwisho wa mwezi akaniomba nauli. Siku hizi tunaweka bahasha mezani, karatasi hakuna.

Na angalieni tarehe. Kila mmoja ajue mwaka wake wa tathmini ya kazi unafungwa lini. Karafuu za wiki hiyo, hata za dola 3, wenzako wataziita kujikomba, na sitawalaumu.

Chakula cha kula pamoja ofisini hakina kikomo cha dola 10. Ndiyo maana mimi nikirudi nyumbani, karafuu na iliki huenda kwenye birika la chumba cha mapumziko, sambusa pembeni. Bosi hujimiminia kikombe chake kama wengine.