Ufunguo Umefungiwa Ndani: maneno ya fundi simu kwa wanachuo wanaosafiri likizo, Mbeya

Asanteni, kaeni. Nimeambiwa nizungumzie wizi wa stendi. Habari za kuvaa begi kifuani na kutochezea simu dirishani kwenye Kosta mmezisikia tangu sekondari, sirudii. Mimi nakaa na simu mezani Mwanjelwa, na wanaonijia hawalilii simu. Wanalilia vilivyokuwa ndani yake.

Nawapa mfano. Binti anatoka Kyela, anafika Nane Nane kuunganisha basi la Dar. Mwezi wa saba, baridi, amevaa koti zito, simu mfuko wa nje. Koti la baridi ni rafiki wa kibaka: mkono ukiingia husikii kitu. Wapiga debe wanamvuta huku na huku, akija kujipapasa, hola. Lakini hana wasiwasi, vyeti na picha za kitambulisho vyote viko Google Drive. Msichana wa kisasa! Anaazima simu ya dada wa chipsi, anaandika barua pepe, anaandika nywila, sahihi kabisa. Google inamjibu: tumekutumia namba ya uthibitisho. Imetumwa wapi? Kwenye laini iliyo mfukoni mwa kibaka.

Mnacheka. Nusu yenu hapa mko hivyo hivyo.

Dawa yake ni karatasi. Ingia myaccount.google.com, sehemu ya usalama, kwenye uthibitishaji wa hatua mbili. Humo kuna namba za akiba. Utapewa 10, kila moja ina tarakimu 8, na kila moja inatumika mara moja tu. Ziandike kwa mkono. Usizipige picha, maana picha itakaa kwenye simu ile ile! Nakala moja mwachie mama nyumbani, bila kuandika barua pepe yako juu yake. Ukikwama unampigia, anakusomea moja. Kwa hiyo namba ya mama uijue kwa kichwa, wangapi mnaijua? Nyingine iweke mfuko wa ndani wa nguo uliyovaa, siyo kwenye begi la buti. Na ukishatengeneza namba mpya, zile za zamani zimekufa, mpelekee mama mpya.

Najua kuna mtu anasema, “Fundi, si narudisha laini tu?” Utairudisha, ndiyo, kwa alama ya kidole na namba ya NIDA. Lakini basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi na duka bado limefungwa. Au umeibiwa Makambako usiku. Na muda wote huo laini yako inafanya kazi kwa mtu mwingine: anaichomoa, anaipachika kwenye kisimu chake cha batani, anapokea namba ya WhatsApp, anaingia kwa jina lako na kumwomba shangazi nauli.

Ndiyo maana nasema wekeni PIN ya laini. Siyo ya skrini, ya laini yenyewe. Iko kwenye mipangilio ya usalama, itaomba kwanza PIN ya mwanzo iliyochapwa kwenye kadi uliyobandua laini. Usibahatishe: ukikosea mara 3 inadai PUK ya tarakimu 8, na PUK ukiikosea mara 10 laini imekufa. Kama kadi umeitupa, piga 100 uulize. Ila PIN hii inaulizwa simu ikiwashwa upya au laini ikihamishwa. Simu ikibaki inawaka, ujumbe unasomeka juu ya skrini iliyofungwa, basi zimeni na hilo, arifa zisioneshe maandishi. WhatsApp nayo ina PIN yake ya tarakimu 6, iwekeni.

Sasa kitambulisho. Tarakimu 8 za kwanza za namba ya NIDA ni tarehe yako ya kuzaliwa, mwaka ukitangulia. Na PIN ya pesa ya simu wengi wenu ni nini? Mwaka wa kuzaliwa! Halafu kadi mnaichomeka nyuma ya kava la simu. Umemkabidhi kibaka kufuli na ufunguo wake. Kadi ikae mbali na simu, kadi ya benki mbali na zote mbili, nauli ya dharura kwenye soksi. Fotokopi ya kitambulisho ichukue, lakini ya nini hasa? Ni kwa ajili ya ile namba. Dukani wanataka namba na kidole, karatasi yenyewe haikurudishii laini.

Mwenyekiti ananionesha saa. Haya, vyeti vya shule sitavifikia. Vya asili viacheni nyumbani, safirini na nakala. Ukiibiwa, 100 kwanza, wafunge laini na pesa, polisi baadaye. Toeni simu sasa hivi, bonyezeni *#06#. Hiyo namba ya tarakimu 15 ndiyo IMEI, polisi watakuuliza. Iandike daftarini. Wenye laini mbili mtaona namba mbili, andikeni zote. Wewe wa nyuma, nimesema daftarini, mbona unapiga picha?