Ombi la Mabadiliko Linavyopita: Mfano wa Bomba la Maji ya Mserereko

Ndugu wahandisi na wasimamizi wa miradi mliofika hapa Mbeya, nitatumia mfano mmoja niliouandaa kwa ajili ya mhadhara huu. Mradi wa maji ya mserereko unajengwa katika milima ya Uporoto, na msimamizi wa eneo anaomba tekeo, yaani mahali pa kuchukulia maji, lihamishwe juu zaidi, kwa kuwa mashamba ya viazi yanayopigwa dawa yamefika hadi kwenye chanzo cha awali. Anaandika kwamba kazi itakayoongezeka ni mita 600 za bomba tu.

Ombi hilo, hata kama lilianza kwa maneno, huandikwa kwenye daftari la mabadiliko na kupewa namba kabla ya mtu yeyote kulijadili. Hatua hiyo ni fupi, lakini tathmini ya athari inahitaji muda, na hapo ndipo neno "tu" linapopimwa.

Tekeo la awali lilikuwa mita 85 juu ya sehemu ya chini kabisa ya bomba, na jipya litakuwa mita 120. Kila mita 10 za kimo huleta takriban baa 1 ya presha, na bomba lililokwisha kununuliwa ni PN10, yaani linahimili baa 10. Mchana, watu wakiteka maji, presha hushuka na kasoro haionekani. Usiku, koki zote za vijijini zikifungwa, bomba la chini litabeba baa 12. Anayekadiria gharama peke yake hawezi kuliona hilo, na ndiyo maana mimi huwataka mbunifu, mkadiriaji majenzi, mtu wa ratiba na mtu wa manunuzi wasome ombi moja kwa pamoja. Kibali cha kutumia maji nacho kinapaswa kuangaliwa upya, kwa sababu mahali pa kuchukulia maji pamebadilika.

Kamati ya mabadiliko inalikataa ombi jinsi lilivyoletwa, na sababu inaandikwa daftarini. Ombi linarudi likiwa na tangi la kukata presha katika kimo cha tekeo la zamani, lenye valvu ya boya ili maji yasimwagike koki za chini zikifungwa. Presha ya chini inarudi baa 8.5, na bomba lililonunuliwa linabaki. Kamati inaidhinisha, mwenye fedha akisaini kwa kuwa nyongeza imevuka mamlaka ya meneja.

Baada ya saini, michoro, bajeti na ratiba hurekebishwa siku hiyo hiyo, na michoro ya zamani huondolewa eneo la kazi. Ukitaka kujua kama utaratibu ulifuatwa kweli, linganisha tarehe ya idhini na hati za kutolea mabomba stoo: mabomba yakiwa yametoka kwanza, kamati ilibariki kazi iliyokwisha kufanyika.